Presha inapofika machoni na kwenye figo: kwa nini daktari haishushi kwa pupa

Fundi mmoja wa kushona kanzu, mwenye umri wa miaka 41, alianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mwanzo alidhani ni uchovu. Baada ya siku chache akaona kama moshi mwepesi umetanda mbele ya macho, na mistari ya chaki kwenye kitambaa ikawa inapotea katikati. Kichwa kilimuuma kila alfajiri, naye akanunua dawa ya maumivu dukani. Jirani akamwambia umri umefika wa kuvaa miwani. Alinunua miwani barabarani, akaibadilisha mara mbili, na moshi ukabaki palepale. Wiki ya tatu alikwenda kliniki ya macho. Mhudumu alimulika nyuma ya jicho, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Ami, kabla ya miwani nataka tupime presha." Mashine ilisoma 230 kwa 140.

Fundi huyu ni mfano tuliouunda kwa ajili ya maelezo haya, lakini njia aliyopita ni ile wanayopita wagonjwa wengi wa hali hii. Yeye tunampa makazi Kibokoni, hapa Mji wa Kale. Tutamfuata hadi wadini, kwa sababu huko ndiko jamaa za wagonjwa huuliza swali ambalo makala haya yanalijibu: ikiwa presha ndiyo inayomdhuru mtu, mbona madaktari hawaishushi mara moja?

Presha ya juu na presha inayochoma viungo

Nambari kubwa kwenye mashine si lazima iwe dharura. Mtu anaweza kupimwa 190 kwa 110, akawa anaona vizuri, anakojoa kawaida, hana maumivu ya kifua wala kichwa kizito. Huyo anahitaji dawa na kurudi kliniki katika siku chache, lakini viungo vyake havijaanza kuungua. Hali ya fundi wetu ni tofauti. Presha yake imepanda hadi kuta za mishipa midogo zimeanza kupasuka na kuziba, na dalili zimejitokeza machoni na kwenye figo.

Hospitalini hali hii huitwa presha malignanti. Neno hilo huwatisha watu kwa kuwa hutumika pia kwenye saratani, lakini hapa hakuna saratani yoyote. Lilichaguliwa kwa sababu ya namna ugonjwa ulivyokuwa ukiua kabla ya kupatikana dawa. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Kimarekani, Keith, Wagener na Barker, walichapisha hesabu za wagonjwa waliowafuatilia. Kati ya wale ambao macho yao yalionyesha madhara makubwa zaidi, ni karibu mmoja tu kwa kila watano aliyekuwa hai baada ya mwaka mmoja. Leo wengi huishi miaka mingi, mradi hali igunduliwe mapema na itibiwe kwa utaratibu.

Jicho ni dirisha

Nyuma ya jicho ndiko mahali pekee mwilini ambapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ya damu kwa macho yake bila kupasua. Ndiyo maana mhudumu wa macho aliijua hali ya fundi kabla ya mashine ya presha kuletwa. Aliona damu iliyovuja kama ndimi ndogo za moto. Aliona madoa meupe kama pamba, ambayo ni sehemu zilizokosa damu. Pia aliona kwamba mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo umevimba pale unapoanzia.

Hivyo basi moshi aliouona fundi haukutokana na lenzi ya jicho, na hakuna miwani ambayo ingeuondoa. Hapa pana somo kwa kila mkazi. Ukungu wa macho unaokuja kwa siku au wiki chache, kwenye macho yote mawili, pamoja na kuumwa kichwa, ni sababu ya kupimwa presha siku hiyohiyo. Macho ya uzee huja polepole kwa miaka.

Figo zinavyojizungushia kamba

Mkojo wa fundi ulipopimwa kwa kijiti ulikuwa na protini na damu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa ameona mabadiliko yoyote ya rangi. Kipimo cha damu cha kreatinini, ambayo ni taka ambayo figo huiondoa, kilisoma 310. Mtu mzima mwenye figo nzima huwa chini ya 110 au karibu na hapo. Figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa.

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na kila kichujio hupokea damu kwa mshipa mwembamba sana. Presha ikizidi, ukuta wa mshipa huo hujeruhiwa, huvimba kwa ndani, na njia ya damu huwa nyembamba. Figo ikipata damu kidogo hudhani kwamba mwili mzima umeishiwa presha. Hutoa kichocheo kiitwacho renini, ambacho huamuru mishipa kukaza zaidi na mwili kubakiza chumvi. Presha hupanda tena, mishipa mingine ya figo hujeruhiwa, na renini zaidi hutolewa. Ni kama mtu anayejikaza kamba kila anapojaribu kujifungua.

Mzunguko huu ndio unaofanya hali ibadilike kwa wiki chache badala ya miaka. Ndio pia unaoeleza kwa nini dawa za maumivu alizokuwa akinunua fundi zilimzidishia tatizo. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo na huweza kupandisha presha. Kichwa kinachouma kwa sababu ya presha hakitibiwi kwa dawa hizo.

Swali la mama

Fundi alilazwa. Mama yake alifika akiwa na buibui lake na mkoba wa nguo, akamkuta daktari kando ya kitanda, na mashine ikisoma 200 kwa 125 baada ya saa sita za matibabu. Akauliza, "Daktari mwanangu, kama presha ndiyo inayomla, mbona hamuishushi leo hii iishe?"

Daktari alijibu, "Mamangu, ubongo wake umeizoea. Tukiivuta ghafla, tutamnyima damu kichwani."

Jibu hilo linahitaji kufunguliwa. Fikiria nyumba ya ghorofa ya Mji wa Kale inayopata maji kwa pampu. Pampu ikiwa na nguvu kupita kiasi, watu wa ndani hufunga mifereji nusu ili maji yasiruke na kupasua ndoo. Wakiishi hivyo miezi mingi, mifereji hushika kutu katika hali hiyo ya nusu. Siku moja mtu anakuja na kuipunguza nguvu ya pampu hadi kiwango cha kawaida. Pampu sasa iko sawa, lakini mifereji bado imefungwa nusu na haitaki kuzunguka. Ghorofa ya juu hukosa maji.

Mishipa ya ubongo hufanya vivyo hivyo. Presha ikipanda, hujibana ili damu isiingie kwa fujo. Ikishuka, hujipanua ili damu isipungue. Kwa mtu mwenye afya, kazi hii hufanyika vizuri ndani ya mipaka mipana. Kwa mtu aliyeishi na presha kubwa kwa muda mrefu, kuta za mishipa hunenepa na mipaka yote miwili husogea juu. Anaweza kuvumilia presha ambayo ingemwangusha mtu mwingine, lakini hawezi tena kuvumilia presha ambayo kwa mwingine ni ya kawaida kabisa. Mwaka 1973 watafiti wa Denmaki waliupima mtiririko wa damu kwenye ubongo wa wagonjwa wa presha huku wakiishusha taratibu, wakathibitisha kwamba mpaka wa chini kwa watu hao umesogea juu.

Hesabu ya robo

Kutokana na ujuzi huo, madaktari hufuata kanuni ya robo. Kwanza hutafuta presha ya wastani. Huchukua nambari ya chini, kisha huongeza theluthi moja ya tofauti kati ya nambari mbili. Kwa fundi wetu, 230 kutoa 140 ni 90, theluthi yake ni 30, na 30 kuongeza 140 ni 170. Hiyo 170 ndiyo presha ambayo viungo vyake vilikuwa vimeizoea.

Katika saa za mwanzo wastani huo haupaswi kushuka kwa zaidi ya robo. Robo ya 170 ni takriban 42, kwa hiyo daktari hakutaka wastani uwe chini ya 128 siku ile. Mama alipouliza, presha ya 200 kwa 125 ilikuwa na wastani wa 150, na usiku ilipofika 180 kwa 110 wastani ulikuwa 133. Kwa mtu wa nje hiyo bado ni presha ya kutisha. Kwa daktari ilikuwa imefika pale alipopataka. Siku ya pili na ya tatu ililetwa polepole hadi karibu 160 kwa 100. Kufika chini ya 140 kwa 90 kulipangwa kuchukua wiki kadhaa za vidonge, kadiri mishipa inavyopata nafasi ya kulegea na kujirekebisha.

Kushusha kwa utaratibu hakumaanishi kungoja. Dawa ilianza saa ileile aliyofika. Alipewa dawa ya mshipani iitwayo labetaloli, ambayo kasi yake inaweza kuongezwa, kupunguzwa au kukatwa, na mashine ikampima kila dakika 15. Baadaye aliongezewa kidonge cha amlodipini, ambacho hufanya kazi pole na kwa muda mrefu.

Ilipoteleza, na jinsi ilivyojulikana

Usiku wa manane presha iliteremka kuliko ilivyotakiwa, ikasoma 150 kwa 90. Wastani huo ni 110, zaidi ya theluthi moja chini ya pale alipoanzia. Muuguzi hakugundua kwa nambari peke yake. Fundi aliyekuwa akizungumza alianza kusinzia na kujibu kwa shida, na alipoamshwa akasema, "Giza limeingia." Taa ilikuwa inawaka.

Muuguzi alisimamisha dawa ya mshipani, akamlaza chali, akamwita daktari. Alipewa maji ya dripu kwa kiasi, na baada ya nusu saa presha ilirudi 175 kwa 105, fahamu zikatulia na akaona tena. Maji hayo huwashangaza jamaa, kwani wameambiwa presha ni kubwa. Lakini katika hali hii figo husukumwa na presha kutoa chumvi na maji mengi kwenye mkojo, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekauka. Mtu aliyekauka akipewa dawa ya kushusha presha anaweza kuporomoka ghafla.

Si kila mtu hurudishwa namna hii. Mwaka 1979 madaktari Ledingham na Rajagopalan wa Uingereza walieleza wagonjwa walioletwa na presha kali wakapata madhara ya ubongo baada ya presha kushushwa kwa kasi. Miaka hiyo, na hata baadaye, ilikuwa desturi katika nchi nyingi kutoboa kapsuli ya nifedipini na kuiweka chini ya ulimi. Presha ilianguka ndani ya dakika chache na kila mtu alifurahi. Lakini hakuna aliyeweza kusema itaishia wapi, na kapsuli ikishamezwa haiwezi kurudishwa. Kulikuwa na kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo. Mwaka 1996 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha wito wa kuacha zoea hilo. Kwa hiyo mtu akikuambia weka kidonge cha presha chini ya ulimi, au meza viwili vya jirani ili ishuke kabla ya kwenda hospitali, ujue ndicho kitendo ambacho daktari anajitahidi kukiepuka.

Kreatinini iliyopanda baada ya presha kushuka

Siku ya tatu mama alipewa habari iliyomvunja moyo. Presha ilikuwa nzuri, lakini kreatinini imepanda kutoka 310 hadi 365. Jamaa wakaanza kunong'ona kwamba dawa zinaua figo na ni bora azikatae.

Hapa ndipo wengine hupotea. Figo ya fundi ilikuwa inasukumiwa damu kwa nguvu kupitia mishipa iliyoziba nusu. Nguvu ilipopungua, kwa muda damu iliyofika ilipungua pia, na taka ikaongezeka. Kupanda kwa namna hii kwa siku chache kunatarajiwa, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda polepole, ili kupungua huko kusiwe kwa kuumiza. Kadiri kuta za mishipa zinavyopona, damu hupita tena. Baada ya wiki sita kreatinini yake ilikuwa 240, na baada ya miezi minne 190. Haikurudi chini ya 110, na huenda isirudi, kwa kuwa vichujio vilivyokufa havioti tena. Wapo wagonjwa ambao hulazimika kusafishwa damu kwa mashine, na baadhi yao huiacha mashine hiyo baada ya miezi figo zinapopata nguvu. Anayeacha dawa kwa kuogopa kipimo cha siku ya tatu huurudia ule mzunguko wa kamba.

Macho ya fundi yalichukua muda pia. Uvimbe na damu iliyovuja hunyonywa kwa wiki na miezi. Mwezi wa tatu alitunga uzi tena, ingawa jicho la kushoto lilibaki na doa dogo pembeni.

Pale ambapo daktari huharakisha

Kanuni ya robo ina mipaka yake. Mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni ukianza kuchanika, presha hushushwa ndani ya dakika, kwa sababu kila pigo linapanua mpasuko. Mapafu yakijaa maji kwa sababu moyo umelemewa, au mjamzito akipata kifafa cha mimba, matibabu pia huharakishwa. Kwa upande wa pili, mtu mwenye kiharusi cha kuziba mshipa mara nyingi huachiwa presha yake bila kuguswa kwa siku ya kwanza, isipokuwa ikizidi 220 kwa 120 au akihitaji dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Mambo haya hayawezi kutofautishwa nyumbani wala kwenye duka la dawa. Ndiyo sababu ya kufika hospitali.

Mkazi afanye nini

Presha yenye nambari ya juu ya 180 na zaidi, au ya chini ya 120 na zaidi, ikiambatana na ukungu wa macho, kichwa kikali, kuchanganyikiwa, kifafa, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au mkojo kupungua, ni ya kupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Kisiwani, hospitali kuu ya rufaa ya umma ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani. Beba vidonge vyote ambavyo mgonjwa anatumia, pamoja na vya maumivu na vya mitishamba, ili daktari aone ni nini kimemfikisha hapo. Ukiwa nambari hizo huna dalili yoyote, pumzika dakika chache, pima tena, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo au kesho yake. Usijiongezee dawa.

Wengi wanaofika na hali hii walikuwa na presha ambayo haikujulikana, au walijulishwa wakaacha dawa walipojisikia vizuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wana mashine ya kupima presha, na kipimo hufanyika mlangoni kwako. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, zungumza na daktari ili dozi zipangwe kati ya futari na daku. Wengi huziacha mwezi mzima, na figo huwa za kwanza kulipa.

Fundi wetu alikuwa ameambiwa kuhusu presha yake miaka miwili kabla. Alimeza vidonge mwezi mmoja, kichwa kikatulia, akaviacha. Sasa huviweka ndani ya kikopo cha vifungo, kando ya cherehani, mahali ambapo mkono wake hufika kila asubuhi.